Kuandika uchambuzi wa kisa cha kijana mwenye sonona inayojirudia: utoto wenye madhila uingie wapi katika maelezo yetu

(Hotuba iliyotolewa kwa madaktari, wanasaikolojia, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii walioko mafunzoni, kisha ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Waheshimiwa walimu wangu, wanataaluma wenzangu, nanyi vijana mliopo mafunzoni, nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika uchambuzi wa kisa kwa mtazamo wa mwili, nafsi na jamii. Nimeamua nisizungumzie kila aina ya mgonjwa, bali mmoja tu ambaye wengi wenu mtamkuta kliniki kila wiki: kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sonona inayomrudia, ambaye utoto wake ulikuwa mgumu. Nimemchagua kwa sababu ndiye ambaye maandishi yetu humkosea zaidi. Utoto wake huwa ni mzito kiasi kwamba ukishauandika unahisi umeshamweleza, kumbe bado hujaeleza lolote.

Mtazamo huu uliwekwa wazi mwaka 1977 na daktari George Engel wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, aliyelalamika kwamba tiba ilikuwa imeutazama ugonjwa kama hitilafu ya mwili peke yake. Tangu hapo umefundishwa katika vyuo vingi, na mara nyingi hufundishwa kwa jedwali. Juu huandikwa mwili, nafsi na jamii. Pembeni huandikwa mambo yaliyomwandaa mtu kuugua, yaliyochochea ugonjwa, yanayoudumisha na yanayomlinda. Jedwali hilo lina visanduku kumi na viwili, na mwanafunzi mwenye bidii huvijaza vyote. Mimi silikatai, kwa maana linamkumbusha mtu kuuliza asichopenda kuuliza. Lakini jedwali ni mahali pa kukusanyia taarifa, na uchambuzi ni hoja. Lazima ujibu kwa nini mtu huyu ameugua, kwa nini wakati huu, kwa nini kwa mara nyingine, na kwa nini hapati nafuu. Visanduku havijibu maswali hayo kwa sababu havisemi lipi limesababisha lipi.

Tuchukue kisa. Nimekiunganisha kutoka kwa watu kadhaa na kubadilisha mambo mengi ili asitambulike mtu yeyote. Binti ana miaka 23, ana stashahada ya uhasibu, ni karani katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na amepanga chumba kimoja. Amekuja kliniki mwenyewe. Anasema, “Daktari, moyo umechoka.” Kwa wiki tano sasa anaamka saa tisa usiku na hapati usingizi tena, chakula hakipiti, kwaya aliyokuwa akiipenda ameiacha, anasahau hesabu ndogo ndogo, na anajiona hana faida. Katika PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona ambalo alama zake huishia 27, amepata 19. Swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru, amelijibu kwamba humjia siku kadhaa. Alipoulizwa zaidi alisema, “Sitaki kujiua, ila natamani nisingeamka.”

Mama yake alifariki binti akiwa na miaka minane. Baba alioa tena, naye akapelekwa kwa baba yake mkubwa. Huko aliamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji na kukaanga maandazi ya kuuza kabla ya kwenda shule, akichelewa alipigwa kwa mkanda, na neno alilolisikia mara nyingi kuliko jina lake ni “mzigo”. “Shukuru unakula,” aliambiwa. Likizo alikwenda kwa bibi mzaa mama, na hapo tu ndipo aliporuhusiwa kuwa mtoto. Mama yake mdogo, upande huo huo wa mama, aliwahi kukaa miezi kadhaa ndani bila kuoga wala kuzungumza, kisha akapona.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja ya uchambuzi, tunapaswa kuhakikisha tunachokichambua. Sonona inayojirudia, kwa mujibu wa mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, inadai vipindi visivyopungua viwili vilivyotenganishwa na miezi kadhaa ambayo mtu alikuwa hana tatizo kubwa la hali ya moyo. Basi uliza juu ya hiyo miezi ya katikati. Alicheka? Alikula? Alipanga mambo ya mwakani? Binti huyu alikuwa mzima kwa zaidi ya mwaka kabla ya kipindi hiki, akifanya kazi na kuimba. Kama angesema kwamba tangu utotoni hajawahi kujisikia vizuri, tungekuwa tunaandika uchambuzi mwingine. Uliza pia kama aliwahi kuwa na siku kadhaa za kulala saa tatu tu na kuamka na nguvu tele, maneno yakimkimbia na fedha zikitoka ovyo, kwa sababu ugonjwa wa hisia mseto kwa vijana wengi huanza kwa sonona, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumpandisha juu kupita kiasi. Hana historia hiyo, na dawa aliyowahi kutumia haikumbadilisha hivyo. Hana ndoto za kutisha wala hali ya kuyaona mapigo ya zamani kana kwamba yanatokea sasa. Vipimo vya damu vilionyesha hemoglobini ya gramu 8.6 kwa desilita, na alipoulizwa alieleza kwamba hedhi yake ni nzito kwa muda mrefu na kwamba hutumia diklofenaki kutuliza maumivu. Tezi iko sawa, na kipimo cha VVU ni hasi.

Sasa tunafika kwenye hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha uchambuzi wa sonona inayojirudia na uchambuzi wa sonona ya mara ya kwanza. Vipindi vyote vinapaswa kuwekwa kando kwa kando na kuulizwa maswali yale yale: nini kilitangulia, mgonjwa alifanya nini, watu walifanya nini, na nini kilikiondoa. Wengi wetu huandika kwa urefu kuhusu kipindi cha sasa, kisha tunaongeza sentensi moja kwamba “amewahi kuwa na vipindi viwili vilivyopita”. Tunakuwa tumetupa ushahidi bora tulio nao, kwa sababu mtu aliyeugua mara tatu ametuonyesha mara tatu jinsi ugonjwa wake unavyoanza.

Kipindi cha kwanza kilikuja akiwa na miaka 16, kidato cha tatu. Bibi alipata kiharusi akahamishiwa kwa mtoto wake mwingine mkoa wa mbali, na zile likizo zikaisha. Binti hakumwambia mtu. Alizidisha kazi za nyumbani, akaanza kulala darasani, alama zikashuka, akaitwa mvivu, akaombewa. Baada ya miezi minne hivi matroni wa shule alimwombea nafasi ya bweni, naye akaanza kuamka taratibu. Kipindi cha pili kilikuja akiwa na miaka 20 chuoni, baada ya mchumba kuvunja uhusiano kwa kuwa ndugu zake walisema msichana huyo hana kwao. Hapo pia hakumwambia mtu, akasoma usiku kucha. Zahanati walimtibu vidonda vya tumbo, kisha akapewa amitriptilini miligramu 25 usiku, akaiacha baada ya wiki tatu kwa sababu ilimlaza kwenye mitihani. Baadaye, katika hospitali nyingine, alipewa fluoksetini miligramu 20, akapata nafuu ndani ya miezi miwili, na alipojiona mzima akaacha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aendelee. Kipindi cha tatu ndicho hiki. Mwenye duka aliajiri keshia mpya, akamhamisha yeye kutoka kaunta kwenda stoo. Mshahara haukupunguzwa. Hakugombezwa. Ndani ya wiki mbili usingizi ukakatika.

Vikisomwa kimoja kimoja, vipindi hivi vinaonekana kuwa na vichocheo vitatu tofauti: ugonjwa wa bibi, kuvunjika kwa uchumba na mabadiliko ya kazi. Vikiwekwa kando kwa kando, jambo moja linajitokeza. Kila mara aliondolewa mahali alipokuwa amekubaliwa bila masharti, au alipodhani amekubaliwa. Kila mara alificha na kuongeza juhudi. Na mara ya kwanza alitolewa na mtu aliyempa nafasi bila kumdai chochote. Jambo la pili ni kwamba kichocheo kimekuwa kidogo kadiri vipindi vinavyoongezeka. Hili limezungumzwa sana katika fani yetu tangu Robert Post alipoliandikia mwaka 1992, kwamba vipindi vya mwanzo huhitaji msukosuko mkubwa na vya baadaye huwashwa na jambo dogo, kama kuni zilizokwisha kauka. Wapo wanaoeleza kwamba ugonjwa huanza kujiendesha wenyewe, na wapo wanaoeleza kwamba mtu amekuwa mwepesi zaidi kuumizwa na mambo madogo. Kwa mwandishi wa uchambuzi, tofauti hiyo ina maana kubwa kivitendo: usiishie kusema “hakuna kichocheo” mpaka umeuliza tukio dogo lilikuwa na maana gani kwake. Kuhamishwa stoo si msiba kwa mtu mwingine. Kwake ilikuwa ni ile ile “tumepata mwingine”.

Hapo ndipo utoto unapoingia, na naomba tuwe waangalifu. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 1998 na Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao, uliofanyika San Diego kwa watu wazima zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na uwezekano mara 4 hadi 12 zaidi wa kupata ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na jaribio la kujiua. Kwa sababu ya utafiti huo, siku hizi utaona faili limeandikwa “madhila: alama 5” kana kwamba hayo ni maelezo. Lakini huo ni uwezekano kwa kundi la watu, haumwelezi mtu mmoja. Fikirini juu ya nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama ni hivyo, sentensi isemayo “alipigwa utotoni, ndiyo maana ana sonona” haimtofautishi binti huyu na wengi waliokaa naye darasani ambao hawakuugua. Uchambuzi unapaswa kusema ni kipi katika utoto huo kilichoacha alama, kwa njia gani, na alama hiyo inafanya kazi vipi leo hii saa nane mchana akiwa stoo.

Kwa mwili, tunajua kwamba watoto waliokua katika hofu ya kila siku wanaweza kubaki na mfumo wa homoni za msongo ulio mwepesi kuamka. Christine Heim na wenzake, Atlanta, mwaka 2000, waliwaomba wanawake wahutubie na kupiga hesabu mbele ya watu, na wale waliodhulumiwa utotoni walionyesha mwitikio mkubwa zaidi wa homoni hizo, hasa wale waliokuwa na sonona wakati huo. Kwa nafsi, tunajua kwamba mtoto anayeambiwa kila siku kuwa ni mzigo hujenga kanuni ya kuishi nayo. Na kwa jamii, George Brown na Tirril Harris, katika kazi yao ya mwaka 1978 kuhusu wanawake wa London, walionyesha kwamba kufiwa na mama mapema na kukosa mtu wa karibu wa kumweleza siri kulimfanya mwanamke awe rahisi zaidi kuugua pale matukio mazito yalipomkuta. Sasa angalieni: njia hizi tatu hazina thamani katika andiko letu kama zitabaki zimesimama kila moja upande wake. Swali ni zinakutana wapi kwa binti huyu.

Ili kulijibu, haihitajiki kumchimba mgonjwa asimulie kila pigo. Maswali matatu au manne ya kawaida yanatosha kwa siku za mwanzo: ukiwa mdogo nani alikutunza, ulipoumia ulimkimbilia nani, ulifanya nini ili usigombezwe, na nani alikuwa upande wako. Binti huyu alijibu la tatu bila kusita: “Nilikuwa nafanya kazi kabla sijaambiwa.” Jibu hilo lina uzito kuliko alama yoyote ya madhila, kwa sababu linaeleza kilichomwokoa wakati ule na kinachomdhuru sasa.

Nitumie muda kidogo zaidi kwenye mambo yanayoudumisha ugonjwa, kwa sababu ndiyo pekee tunayoweza kuyagusa kesho asubuhi. Tulimwomba atueleze siku moja ya kazi, saa kwa saa, ya jana na si ya kawaida. Aliamka saa tisa usiku akilini akirudia yale yale: amekosea wapi mpaka akaondolewa kaunta. Saa kumi na mbili alikunywa chai ya rangi na kipande cha andazi. Mchana hakula, kwa sababu theluthi ya mshahara huituma kila mwezi kwa baba mkubwa, “wasiseme sikushukuru”. Alikunywa chai nyingine ya rangi. Saa tisa alasiri, akihesabu mabati, kichwa kilizunguka, akakosea hesabu, akarudia, akabaki dukani mpaka saa mbili usiku ili asahihishe pasipo mtu kujua. Mwenzake wa stoo alimwambia waondoke pamoja, akakataa. Hakwenda mazoezi ya kwaya.

Katika siku hiyo moja mwili, nafsi na jamii vimeshikana mikono. Kanuni ya kulipia nafasi yake inamfanya atume fedha asizoziweza. Kutuma kunamnyima chakula. Chakula duni, chai inayozuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na hedhi nzito vinamwachia upungufu wa damu. Upungufu wa damu pamoja na sonona vinamchosha na kumkosesha umakini. Makosa yanamthibitishia kwamba hafai. Na kuyaficha kunamwondolea mtu pekee aliye karibu. Ukiipata duara ya namna hii, hata visanduku vyote kumi na viwili vikibaki vitupu, umeshaanza kuandika uchambuzi.

Kitu kingine kinachodumisha ni sisi wenyewe watoa huduma. Faili lake la rufaa lilisema “sonona sugu, dawa zimeshindwa”. Si kweli. Miligramu 25 za amitriptilini kwa wiki tatu ni dozi ya kuanzia, na haiwezi kuhesabiwa kuwa tiba iliyoshindwa. Fluoksetini ilimsaidia, ikaachwa mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu unashauri dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Kila unapomkuta mtu ameandikwa kwamba hasikii dawa, uliza jina la dawa, dozi, muda, na kama aliimeza kweli. Ukiliacha neno “sugu” likae, litakuwa nalo limejiunga na sauti inayomwambia kwamba ni mzigo.

Kuhusu mambo yanayomlinda nitasema machache. “Ana msaada wa familia” ni sentensi isiyo na kazi. Andika nani, kwa lipi, na kwa kiwango gani. Bibi yake yu hai, na huzungumza naye kwa simu kila Jumapili. Lakini kinga hiyo ina hatari yake, kwa sababu siku bibi atakapozidiwa, kinga na kichocheo vitakuwa kitu kimoja, na jambo hilo sharti liandikwe leo. Vivyo hivyo hatari ya kujidhuru: usiandike “hatari ni ya wastani” ukaishia hapo, bali eleza kwamba sasa ana matamanio ya kutoamka bila mpango, kwamba hatari itapanda akipoteza kazi au bibi, kwamba ana vidonge vya amitriptilini vilivyobaki nyumbani ambavyo ni hatari vikimezwa vingi na vinapaswa kurudishwa, na kwamba kwa umri wake, chini ya miaka 25, wiki za mwanzo za dawa zinahitaji aonwe mara kwa mara kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla ya nafuu.

Sasa niwasomee andiko lenyewe kama lilivyokaa kwenye faili, mjue urefu na sauti yake:

“Binti wa miaka 23 yupo katika kipindi cha tatu cha sonona, kikali kiasi, kilichoanza wiki tano zilizopita baada ya kuhamishwa kutoka kaunta kwenda stoo. Upande wa mama kuna ndugu wa karibu aliyeugua hali kama hii, hivyo huenda alizaliwa na wepesi fulani wa kuugua. Baada ya kufiwa na mama akiwa na miaka minane alilelewa mahali alipopigwa na kuitwa mzigo, akajifunza kuwa nafasi yake hulipiwa kwa kazi na kwa kutolalamika. Njia hiyo ilimpunguzia adhabu. Vipindi vyote vitatu vilianza alipopoteza nafasi kwa mtu aliyemkubali, na kila mara alificha na kuongeza juhudi. Kichocheo cha sasa ni kidogo kuliko vya awali, jambo linaloendana na sonona iliyokwisha kujirudia. Kipindi kinadumishwa na kutokula mchana ili atume fedha nyumbani, upungufu wa damu wenye hedhi nzito, uchovu unaoleta makosa, na kuficha makosa kunakomtenga na mwenzake. Tiba ya awali haikushindwa, ilikatizwa. Alipona mara ya kwanza alipopewa nafasi bila kudaiwa, na mara ya pili kwa fluoksetini miligramu 20. Anazungumza na bibi kila wiki na amekuja mwenyewe. Kama maelezo haya ni sahihi, nafuu ya mwili itatangulia, na siku atakapopunguza fedha anazotuma atajisikia vibaya zaidi kwa muda kabla ya kujisikia vizuri.”

Ni maneno yasiyofika mia mbili. Hakuna jina la aliyempiga, kwa sababu faili hupita mikono mingi, kuanzia masjala hadi bima. Hakuna sentensi ambayo mgonjwa angeisoma akajisikia amedhalilishwa. Na hakika alisomewa. Katika rasimu ya kwanza iliandikwa kwamba anaamini hapendwi. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, “Sio kwamba sipendwi. Ni kwamba lazima nilipie.” Marekebisho hayo yaligeuza tiba nzima, kwa kuwa mtu anayeamini hapendwi utamtafutia ushahidi wa kupendwa, lakini huyu ushahidi huo angeusoma kama risiti. Alichohitaji ni kujaribu, hatua kwa hatua, kutolipa, na kuona kinachotokea.

Mpango ulifuata sentensi za andiko. Fluoksetini ilirudishwa kwa dozi ile ile, pamoja na maelezo ya muda wa kuitumia. Diklofenaki ikaondolewa, kwa sababu ikiunganishwa na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni, na hedhi yake ikafuatiliwa na daktari wa wanawake. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na chai ikaondolewa mezani wakati wa chakula. Kwa mazungumzo tulichagua tiba inayoshughulikia mahusiano, ile ambayo toleo lake la vikundi lilijaribiwa vijijini katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2003 na kuonyesha nafuu kubwa. Tulimuuliza pia kama kuna watoto wengine wanaolelewa leo katika nyumba ya baba mkubwa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuwajibisha kutoa taarifa pale mtoto anapodhulumiwa. Alisema watoto wote wamekwisha kuwa watu wazima. Swali hilo lisikosekane, hata kama aliye mbele yako ana miaka 23.

Uchambuzi ni dhana, na dhana hupimwa. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ya andiko ni utabiri unaoweza kukosea. Kama damu ingepanda na usingizi ukarudi lakini sonona ikabaki pale pale, au kama angepunguza fedha asisikie chochote, tungejua kwamba tumeshika kamba isiyo yake. Katika wiki ya nane PHQ-9 ilikuwa 8 na hemoglobini 10.9. Usingizi ulirudi kwanza. Alipotuma nusu ya kiasi cha kawaida alikaa wiki moja akilia na kutaka kukopa ili atume iliyobaki, na safari hii alimpigia mwenzake wa stoo akamweleza. Kitu kimoja hatukukitabiri: baba mkubwa hakusema neno lolote juu ya fedha, na ukimya huo ulimsumbua kuliko matusi, kwani alikuwa amejiandaa kujitetea. Tuliongeza sentensi kuhusu hilo, tukaongeza pia nyakati mbili za hatari zinazojulikana, hesabu ya stoo ya Desemba na afya ya bibi, pamoja na dalili ya kwanza ambayo yeye mwenyewe ameichagua kuwa ya kumrudisha kliniki, yaani kubaki dukani peke yake baada ya saa moja usiku siku tatu mfululizo. Nakala ya andiko hilo anayo yeye.